Chumba Hakiumwi

Mamangu alikuwa na neno lake moja, alilisema mpaka majirani wakalizoea. Akimsikia mtu anajisifu kwa mshahara, au mama fulani anajigamba kuwa bintiye kaposwa na mwanamume mwenye kazi nzuri bandarini, mamangu hukunja mdomo na kusema, "Mtu huumwa. Chumba hakiumwi." Alimaanisha kwamba mshahara hukatika siku mwili ukikataa kuamka, lakini chumba ulichokipangisha hulipa kodi hata kama umelala kifudifudi unalia. Neno hilo alilipata kwangu. Mimi ndiye niliyekuwa nikilala kifudifudi.

Nilizaliwa na sikoseli. Siku hizi redioni wanaita selimundu, jina zuri hata la kumpa mtoto, lakini miaka hiyo ya tisini huku kwetu Mji wa Kale tuliita sikoseli, na wasiojua waliita "ule ugonjwa wa mifupa" kwa sauti ya chini, kana kwamba mifupa yangu ingewasikia. Mwili ukikosa maji, au nikipigwa na baridi, au nikichoka kupita kiasi, mifupa huanza kuuma kutoka ndani, mahali ambapo mkono haufiki kukanda. Hapo tena hakuna kazi, hakuna kuswali kwa kusimama, kuna kulia tu. Yaweza kuwa siku mbili, yaweza kuwa wiki mbili, na haibishi hodi.

Nilisoma hadi kidato cha nne, nikajifunza taipu, nikapata kibarua katika ofisi ya mawakala wa kutoa mizigo Kilindini. Nilikuwa hodari, sijisifu bure. Lakini ofisi ile ilikuwa na mashine ya kipupwe iliyokuwa ikivuma juu ya kichwa changu tangu asubuhi, na kila nikiomba kipunguzwe wenzangu walinicheka, ati mtoto wa Pwani anaogopa upepo. Nikawa nakwenda wiki tatu, naumwa moja. Bosi hakunifukuza kwa ubaya. Aliniita akaniambia, "Dada, mimi nakuonea huruma, lakini meli haingoji mtu apone." Kibarua hana likizo ya ugonjwa, hana kiinua mgongo, hana hata wa kumlalamikia. Nikachukua mkoba wangu nikapanda gari nikarudi nyumbani.

Basi nikawa fundi wa mabuibui. Marehemu babangu alituachia cherehani ya miguu, kuukuu lakini ya chuma kitupu, na mamangu alikuwa akijua kukata. Tulikaa katika vyumba viwili vya chini katika nyumba ya urithi ya ukoo, ambavyo hatukulipia kodi lakini hatukuwa na ruhusa ya kumpangisha mtu. Yeye anakata, mimi nashona. Raha ya kazi hii ni kwamba ukichoka unaegemea ukuta, unakunywa maji yako, unaendelea. Karaha yake ni kwamba watu wote wanataka buibui wakati mmoja, kumi la mwisho la Ramadhani, na mwili wangu ulikuwa na desturi ya kuanguka kumi hilo hilo. Mteja akija kuchukua vazi lake la Idi akamkuta fundi kajikunja mkekani, husema "pole sana, Mungu akupe shifaa," na mwaka wa pili humwoni.

Halafu likaja donda. Wenye sikoseli wengi hutokwa na donda karibu na kifundo cha mguu, na likishatoka halitaki kupona, hasa ukiwa mtu wa kusimama au kukanyaga. Langu lilitoka mguu wa kushoto, na cherehani ya miguu kazi yake ni kukanyaga. Kila siku kuliosha kwa maji ya chumvi, kila siku bandeji safi, juu ya vidonge vya damu na vidonge vya kukinga malaria ambavyo sikuruhusiwa kukosa hata siku moja. Na hospitali kuu, ambayo tulipokuwa wadogo uliingia bure, ilikuwa imeanza kudai pesa kwa kila kitu. Kadi pesa, kipimo pesa, kitanda pesa, na glavu za daktari na maji ya mshipa uende ukanunue mwenyewe nje ya geti. Mtu mzima wa afya hajui hesabu hii. Mimi nilikuwa nafanya kazi nusu ya mwenzangu na natumia mara mbili ya mwenzangu, halafu mtu ananiambia haba na haba hujaza kibaba! Kibaba changu kilikuwa kimetoboka chini, bwana.

Siku moja alikuja mtu wa bima, kijana nadhifu na mkoba wa ngozi, anapita nyumba kwa nyumba. Nikamkaribisha, nikampa kahawa, akanieleza vizuri kabisa jinsi nitakavyolipa kidogo kidogo na siku nikipatwa na jambo nitalipwa nyingi. Nikamwambia, "Mimi jambo lishanipata. Nina sikoseli." Akauliza ndiyo nini. Nikamweleza. Wallahi alifunga ule mkoba kabla hajamaliza kahawa. Mamangu alicheka mpaka akajifuta machozi kwa mtandio, akasema, "Huyu anauza mwavuli kwa watu wasiolowa."

Na hapo ndipo akaanza habari ya chumba. Sio mchezo, alitaka kununua nyumba. Kule Majengo zilikuwepo nyumba ndogo za udongo na mabati, vyumba vitatu na ukumbi katikati, ambazo mtu wa kawaida angeweza kuzifikia kwa sababu zilikuwa nyumba bila shamba. Mgeni wa Mombasa akisikia hivyo hutoa macho, lakini kwetu ni jambo la zamani. Kiwanja ni cha tajiri, kuta na mabati ni vyako. Unamlipia yeye kodi ya ardhi kila mwezi, pesa kidogo tu, unapewa risiti, unakaa au unapangisha. Watu walizaliwa katika nyumba hizo wakafa humo, na watoto wao wakauziana. Hakuna aliyeuliza hati, kwa sababu hakuna aliyekuwa nayo.

Benki haikutaka hata kutusikia. Karani wa pale aliniuliza cheti cha mshahara, nikamwonyesha vidole vyangu. Basi ikabaki mchezo.

Mchezo wetu ulikuwa wa wanawake kumi na wawili wa mitaa ya karibu, kila mwezi kila mmoja anatoa pesa, na mmoja anapokea zote. Aliyeushika alikuwa shangazi yangu wa mbali, mwanamke mnene, mwenye sauti, mwaminifu kuliko benki. Sikumbuki hata siku moja pesa za mtu zilichelewa kwake. Zamu zilipangwa kwa kura, vijikaratasi ndani ya bakuli. Lakini nilipokwenda kujiandikisha aliniweka kando karibu na jiko lake.

"Mwanangu, weye hutatia mkono bakulini," akasema. "Utakuwa wa mwisho."

"Kwa nini, Shangazi?"

"Nawe hujui kwa nini?"

Nilijua. Anayepokea mwanzo ni mdeni mpaka mchezo uishe, na mdeni akifa katikati, wenzake hula hasara. Anayepokea mwisho hana deni la mtu. Akifa kabla ya zamu yake, wanarudishiwa warithi vile alivyotoa, basi, hakuna aliyeumia. Desturi ilikuwa hiyo, mgonjwa huwekwa mwisho, na kila mtu aliiona kuwa ni haki. Mimi niliiona kuwa ni kupimwa sanda nikiwa nimesimama. Nilipandwa na hasira nikataka kuondoka. Kisha nikafikiri, nitakwenda wapi?

"Na nikiwa hai mwezi wa kumi na mbili?" nikamwuliza.

"Ukiwa hai nitakupikia biriani," akasema, na hakuwa na mzaha wala chuki.

Nikacheza mwaka mzima. Miezi miwili niliyolazwa, mamangu alinitolea kwa kwenda kusuka ukili na kupika maandazi ya watu. Mwezi wa mwisho shangazi alikuja mwenyewe na pesa zangu zote kafungia kwenye leso, na sufuria ya biriani juu ya kichwa cha mtumishi wake. Pesa hizo hazikutosha. Mamangu akaenda kwa sonara na bangili zake za harusi, zote isipokuwa moja. Sonara akapima, akakata ufundi, akakata shaba, akakata sijui nini tena, kila dhahabu ukiinunua ni nzito na ukiiuza ni nyepesi. Alirudi mikono mitupu isipokuwa ile moja, nyembamba, mkono wa kulia.

"Hii si ya kuuzwa," akaniambia. "Hii ni ya kunizikia. Sanda, kaburi, na sinia la kwanza la wali. Sitaki kuwa mzigo kwa mtu."

Tukanunua nyumba ya Majengo, na risiti za ardhi mamangu akataka ziandikwe jina langu. Vyumba vitatu, wapangaji watatu. Mmoja wao alikuwa kuli wa bandarini, Mgiriama kutoka upande wa Kaloleni, mtu wa mabega mapana na maneno machache. Wengine wawili walikuja wakaondoka, wakaja wengine. Yeye alibaki. Kila mwisho wa mwezi alikuwa akija Mji wa Kale kwa miguu kuniletea kodi yake, kwa sababu alijua mguu wangu hautaki njia. Siku moja alinikuta naumwa, kodi haijafika wakati wake, akatoa ya mwezi unaokuja akaiweka juu ya cherehani. "Mgonjwa haulizwi uji," akasema, akaenda zake.

Nitasema jambo ambalo watu wa afya hawaliamini. Zile kodi tatu zilinitibu kuliko daktari. Nilipojua bandeji na dawa zishalipwa, niliacha kushona nikisikia mwili unakataa. Nilikuwa nakaa mchana kutwa nimeinua mguu juu ya mto, sina hofu. Kumi la Ramadhani nilichukua mabuibui matano tu, nikayamaliza yote, na Idi nikaivaa nikiwa nimesimama. Na donda, lililokuwa wazi miaka, likaanza kufunga kutoka pembeni, likafunga, likaacha kovu jeusi linalong'aa. Mamangu alikuwa akilitazama kila asubuhi na kulisomea. Nilikuwa karibu na miaka thelathini na ndiyo mara ya kwanza nilithubutu kupanga jambo la mwaka ujao.

Jioni moja tulikwenda Mama Ngina, kule ufukweni, mimi na mamangu, tukanunua mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili, tukakaa ukutani kama watu wenye mali. Akasema, "Tukiweka akiba miaka mitatu, tutaongeza chumba cha nne uani." Nikamwambia, "Cha tano hukitaki?" Akanipiga kofi la mgongo, tukacheka. Sikuwa na wasiwasi hata wa chembe.

Aliyetuletea habari ni yule kuli. Alikuja katikati ya mwezi, na nilipomwona bila kodi mkononi nikajua kuna jambo. Alisema msimamizi wa kiwanja amepita na barua. Tajiri mwenye ardhi alikuwa amefariki, warithi wameuza, na mnunuzi anataka kujenga ghorofa. Nyumba zote za safu ile ziondoke. Wenye nyumba waende kwa msimamizi Jumamosi baada ya alasiri, kila mmoja na risiti zake za kodi ya ardhi, waweke sahihi ya kukubali kuhama, wapewe kifuta jasho.

Kwa hasira nilikanyaga cherehani mpaka sindano ikanichoma kidole. Lakini kifuta jasho kilikuwa pesa ya maana, sio ya kurudisha nyumba, ila ya kuanzia mahali. Mamangu akatoa risiti zote, tulizozihifadhi ndani ya kopo la maziwa, akazipanga. Alhamisi nikaanza kusikia kifua kinauma. Ijumaa sikuweza kuvuta pumzi. Jumamosi baada ya alasiri nilikuwa hospitali kuu na mrija wa hewa puani, na mamangu amesimama mbele ya meza ya msimamizi na lile kopo.

Alinieleza baadaye, neno kwa neno. Msimamizi alikuwa mtu wa heshima, alimwamkia shikamoo, akampa kiti. Kisha akauliza, "Mwenye jina la risiti ni nani?"

"Binti yangu. Kalazwa."

"Mama, sahihi ni ya mwenye jina. Nikimlipa asiyekuwa mwenye jina, kesho atakuja mwingine aseme na yeye ni mamake. Akipona na aje."

Mamangu aliomba. Mamangu, ambaye sikupata kumsikia akimwomba mtu hata chumvi, aliomba mbele ya watu wa safu nzima, nao wakaweka sahihi mmoja mmoja wakapokea wakatoka. Wengine walimwambia pole. Sikuwalaumu, kila mtu alikuwa na lake.

Nilipotoka hospitali, baada ya wiki mbili na zaidi, nilikwenda kwake nimemwegemea mamangu. Msimamizi alinipa pole ndefu kuliko zote nilizowahi kupewa. Akasema mnunuzi alitoa fungu la pesa kwa siku ile, waliokuja wamepewa, fungu limeisha, na yeye si mwenye pesa, yeye mtumwa tu.

"Jumamosi ile nilikuwa nakufa," nikamwambia.

"Najua, dada yangu. Nimesikia. Alhamdulillahi umepona."

"Sikupona! Nimetoka tu!"

Sauti yangu ilipanda mpaka makarani wakatoka vyumba vya nyuma kutazama. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, na yeye akayapokea yote, kisha akasema kwa upole, "Mabati na boriti ni vyako. Hilo hakuna atakayekuzuia." Tulimwendea mwanasheria mmoja. Naye alichukua pesa ya kutusikiliza, akatwambia vile vile. Nyumba ni yako, ardhi si yako, na mwenye ardhi akisema toka, unachukua nyumba yako unatoka nayo. Ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Sote tulikuwa tukijua, ila kila mmoja alidhani itamfika mwingine.

Haya basi, utaibebaje nyumba? Udongo haubebeki. Yule kuli alikuja na wenzake wawili siku yao ya mapumziko wakaivua mabati, wakazivuta boriti, wakang'oa milango. Mimi nilikalishwa upande wa pili wa njia juu ya ndoo iliyogeuzwa. Alipokuwa akishuka na bati la mwisho alisimama mbele yangu, jasho linamtiririka, akasema, "Mama mwenye nyumba, hiki chumba changu nilikipenda." Yeye alikuwa mkubwa kuliko mimi kwa miaka mingi, na alikuwa akiniita mama. Nililia pale pale njiani, sikujali nani anaona.

Mabati yalikuwa na kutu, tuliuza kwa bei ya mabanda ya kuku. Tulipomaliza kulipa madeni ya hospitali kilichobaki kilikuwa mlango mmoja, ambao mamangu alikataa kuuza akauegemeza uani kwetu. Nikarudi kwenye cherehani, safari hii asubuhi mpaka magharibi, kwa kuwa hapakuwa na kodi ya kuninunulia mapumziko. Haukupita muda, kovu likawasha, likalainika, likafunguka. Waliosema mwenye kovu usidhani kapoa hawakukosea. Donda lilirudi kubwa kuliko la kwanza, na kila nikikanyaga kile chuma cha cherehani maumivu yalipanda mpaka kwenye nyonga.

Kuna duka Barabara ya Biashara lililokuwa likiuza mota ndogo za cherehani. Unaifunga ubavuni, unaichomeka kwenye stima, unagusa kwa mguu mmoja tu, mguu wowote, wala hutumii nguvu. Nilikuwa nimeitaja mara moja mbele ya mamangu, kwa utani, kama mtu anavyotaja Makka. Siku moja alitoka akasema anakwenda sokoni. Alirudi na boksi chini ya buibui, na mkono wa kulia mtupu.

Nilipiga kelele. "Mama! Ile ilikuwa ya kukuzikia!"

Alikuwa anafungua boksi kwa kisu, hakuinua hata macho. "Mimi watanizika," akasema. "Hujaona? Watu wa mji huu hawajashindwa kuzika mtu. Atakufa chokoraa asiye na jina, utaona jeneza limepata mabega. Kuzikwa sina shaka nako. Weye ndiye sijui nani atakuweka hai."

Nilikasirika siku nyingi, nikawa nashona na mota ile kwa kinyongo, na mguu wa kushoto nimeuweka juu ya kigoda. Kazi ilikwenda upesi zaidi. Haikuwa chumba, kwa sababu nikilala nayo inalala, lakini saa chache nilizokuwa nazo zilizaa zaidi kuliko zamani. Shangazi akaanza mchezo mwingine, akaniweka wa mwisho, nami nikakubali bila ya kuuliza. Pesa zile ziliishia hospitalini.

Mamangu alikuwa na presha. Tulijua, alikuwa na vidonge vyake kabatini, na mimi niliamini anavinywa. Aliponyanyua birika asubuhi moja likamponyoka, na upande mmoja wa uso ukashuka, nilikuwa nimekaa kwenye mashine nina uzi mdomoni. Hakufika siku ya pili.

Alisema kweli. Kabla ya adhuhuri nyumba ilikuwa imejaa, njia imejaa, mikeka imetandikwa mpaka mlango wa jirani. Sanda ilikuja, sikujua kutoka kwa nani. Kaburi lilichimbwa, sikujua nani kalipa. Sinia la wali lilikuja, na la pili, na la kumi. Jeneza lilipotoka nililisikia likipokezanwa mpaka mwisho wa kichochoro. Halafu wanawake wakaanza kuja kunipa mkono, na ndani ya kila mkono mna ubani, noti zimekunjwa ndogo ndogo. Walikuwepo majirani ambao mwaka uliotangulia nilituma watu kuwaomba pesa ya damu na maji ya mshipa, wakasema hali ni ngumu, hawana. Sasa walikuwa nazo. Sikuweza hata kuwachukia vizuri, kwa maana walikuwa wakilia kweli kweli. Yule kuli alitoka sijui wapi, kwa maana alikuwa amehamia Likoni ng'ambo ya feri, akanipa mkono kwa mikono miwili.

Baada ya khitma shangazi alikaa na mimi, akazinyoosha zile noti juu ya paja lake, akalipa kilichobaki kulipwa, na nyingine zote akazifunga kwenye leso akanipa. Zilikuwa nyingi. Nilikuwa sijashika pesa kama hizo kwa mkupuo mmoja tangu siku ya biriani.

Nikatoka eda ya huzuni yangu nikaenda duka la dawa. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kihindi anayenijua tangu niko mdogo naletwa nikiwa nimebebwa, na kawaida yangu kwake ilikuwa kununua vidonge vya wiki moja, mara nyingine vya siku tatu. Nikamwambia anipe vya miezi. Vya damu, vya malaria, vya maumivu, bandeji boksi zima. Akavipanga juu ya kaunta, akavitazama, akanitazama mimi, uso wake ukafurahi kwa ajili yangu.

"Mashallah," akasema. "Leo wachukua nyingi. Umepata kazi?"

"La," nikamwambia. "Nimefiwa na mamangu."